Programu ilifunguka vizuri, lakini mahindi yakapotea: Java mpya na programu za zamani



Mwaka uliopita, asubuhi moja, magazinie wa depo moja ya mazao hapa Kalemie alinipigia simu. Ni mtu mzima, tunamwita papa. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Enjenia, kuja unisaidie kuhesabu mifuko. Mukubwa anasema nimekula mahindi."

Mkubwa wake haishi hapa. Kila mwisho wa mwezi anapokea ripoti ya stoki inayotoka kwa programu, na anaamini ile karatasi. Ripoti ya mwezi uliotangulia ilisema depo iko na kilo 17 250 za mahindi. Ripoti mpya ilisema kilo 1 150. Hakuna mtu aliyeuza, hakuna lori lililopakia. Tani kumi na sita zimekwenda wapi? Mkubwa hakuuliza mashini. Aliuliza mtu.

Tuliingia depo, tukahesabu mfuko kwa mfuko. Mifuko 368 ya kilo 50, ni kusema kilo 18 400. Mahindi yote yalikuwa pale, hata yalikuwa yameongezeka. Basi papa hakuiba kitu. Ni programu ndiyo ilikuwa inasema uongo, na ilikuwa inausema bila kuonyesha kosa hata moja.

Mimi nilisomea kilimo, si informatiki. Lakini kutafuta yale mahindi kulinifundisha kitu ambacho wengi wetu tutakutana nacho kazini, kwa sababu biro nyingi hapa kwetu zinafanya kazi na programu iliyoandikwa zamani na mtu ambaye sasa haonekani tena. Nataka nieleze polepole.

Kwanza, Java ni nini katika hii habari

Ile programu ya depo iliandikwa na mwanafunzi mmoja mwaka 2016, kwa lugha ya Java. Faili yake inaitwa `stock.jar`. Hiyo faili peke yake kompyuta haiielewi. Inahitaji kitu kingine katikati, kinachosoma maagizo yaliyo ndani na kuyatekeleza juu ya mashini. Nitakiita injini ya Java. Programu ni bidhaa ya mwanafunzi. Injini inatoka kwingine kabisa, kwa watengenezaji wa Java wenyewe.

Mpango huo una faida: programu ileile inaweza kutembea kwa Windows au kwa Linux, mradi injini iko. Ndiyo maana mifumo mikubwa pia imejengwa hivyo. Sydonia World ya CNUCED, ambayo forodha yetu ya DGDA inaitumia kwa kutangaza bidhaa, imeandikwa kwa Java. DHIS2, ambayo wizara ya afya inaitumia kukusanya takwimu za vituo, seva yake inatembea juu ya Java.

Lakini kuna upande mwingine. Unaweza kubadilisha injini bila kugusa programu hata herufi moja. Java 8 ilitoka Machi 2014. Java 11 ilitoka Septemba 2018, Java 17 Septemba 2021, Java 21 Septemba 2023. Katikati yake kuna nyingine, maana tangu 2017 toleo jipya linatoka kila miezi sita. Programu ya mwaka 2016 ilizaliwa na kupimwa juu ya Java 8. Ukiipeleka juu ya Java 21, unaiomba iishi katika nyumba ambayo mwandishi wake hakuwahi kuiona.

Kwa depo ilikuwa hivi: laptopu ya zamani ilikufa. Wakanunua nyingine. Kijana wa biro akanakili folda ya programu, akatafuta Java, akachukua mpya, 21. Akabofya `stock.jar`, dirisha likafunguka, majina yote yapo, vifungo vyote vipo. Kila mtu akasema: sawa, inatembea.

Kuvunjika kwenye kelele

Programu ya zamani inaweza kuvunjika kwa namna mbili juu ya injini mpya. Namna ya kwanza iko na kelele, na kwa kweli hiyo ndiyo nzuri.

Wakati wa Java 8, injini ilikuja na vipande vingi vya ziada ndani yake. Kimoja kilikuwa JAXB, ambacho programu nyingi za biashara zilikitumia kusoma na kuandika faili za XML. Mwandishi hakuwa na haja ya kukileta, alikikuta pale. Java 9 ilitoa onyo kwamba kitaondolewa, na katika Java 11 kikatolewa kabisa. Programu iliyokitegemea, ukiianzisha juu ya Java 11 au zaidi, inakuja kuanguka pale inapokitafuta. Ukibofya mara mbili unaweza usione kitu, dirisha linakataa tu. Ndiyo maana inafaa kuianzisha kwa mstari wa amri, katika `cmd`:

```
java -jar stock.jar
```

Hapo injini inasema wazi kinachokosekana:

```
Exception in thread "main" java.lang.NoClassDefFoundError: javax/xml/bind/JAXBException
```

Usiogope urefu wa huo ujumbe. Soma sehemu ya mwisho tu: `javax/xml/bind` ndilo jina la JAXB. Programu haikuharibika, imetafuta kitu ambacho zamani kilikuwa ndani ya nyumba na sasa hakiko. Mwenye kuijua Java anaweza kukirudisha kama faili ya pembeni, ama unaitembeza programu juu ya Java 8, na kazi inaendelea.

Kuvunjika kwa namna hii hakumdanganyi mtu. Programu inakataa, kazi inasimama, unaita msaada. Hasara ni siku moja au mbili. Papa wa depo angepata bahati kama ingekuwa hivyo.

Kuvunjika kimya

Namna ya pili ni programu kufunguka, kuhesabu, kuchapisha, na kutoa jibu la uongo. Kwa depo, alama ya kwanza ilikuwa hii: maharagi yalikuwa sawa. Karanga sawa. Mchele sawa. Mahindi peke yake ndiyo yalipungua. Nikajiuliza, mahindi yana nini ambacho maharagi hayana?

Programu iliandikwa kwa Kifaransa. Ndani yake mazao yanaitwa `Haricot`, `Arachide`, `Riz`, na `Maïs`. Angalia vizuri. Jina moja tu kati ya yote manne liko na herufi yenye nukta mbili juu.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Kuna majedwali yanayosema namba gani ni herufi gani, na majedwali hayo ni zaidi ya moja. Windows ya Kifaransa tangu zamani inatumia jedwali linaloitwa `windows-1252`. Ndani yake, ï ni namba moja tu, 239. Dunia ya leo imehamia jedwali lingine, `UTF-8`, ambalo linaweza kuandika lugha zote. Humo, ï inaandikwa kwa namba mbili zinazofuatana, 195 na 175. Herufi za kawaida zisizo na alama, a mpaka z, zina namba zilezile katika majedwali yote mawili. Ndiyo maana `Haricot` haikupata shida hata kidogo.

Sasa, programu inaposoma faili, ni nani anachagua jedwali? Mwanafunzi wa 2016 hakuchagua. Aliandika tu "soma hii faili", na Java ikachagua kwa niaba yake. Mpaka Java 17, injini ilikuwa inachukua jedwali la Windows ya mashini yenyewe, ni kusema `windows-1252` kwa mashini ya Kifaransa. Kuanzia Java 18, ya Machi 2022, sheria ilibadilika: kama mwandishi hakuchagua, jedwali ni `UTF-8` kwa mashini zote.

Sheria mpya ni nzuri. Zamani faili iliyoandikwa juu ya mashini moja ingeweza kusomeka vibaya juu ya nyingine. Lakini faili yetu ya `mapato.csv` ilikuwa imejaa mistari ya miaka iliyoandikwa kwa jedwali la zamani. Java 21 ilipofika kwa namba 239, kwa kanuni ya `UTF-8` hiyo namba inamaanisha "hapa inaanza herufi ya namba tatu, ngojea mbili nyingine kubwa". Nyuma yake ikakuta s ya kawaida. Haikuelewa, ikaweka alama ya kukosa, na jina likawa `Ma�s`.

Halafu ripoti. Programu ilikuwa inapita mstari kwa mstari na kuuliza: jina hili ni `Maïs`? Kwa `Ma�s` jibu ni hapana. Si zao lolote inalolijua, basi inaruka mstari na kuendelea bila kusema neno. Mifuko 345 ya zamani, kilo 17 250, ikarukwa hivyo.

Na zile kilo 1 150 zilitoka wapi? Ni mifuko 23 iliyoingizwa baada ya laptopu mpya kufika. Hiyo iliandikwa na Java 21 kwa `UTF-8` na ikasomwa kwa `UTF-8`, basi ikahesabiwa. Kama ripoti ingesema sifuri, labda mkubwa angeshtuka na kuuliza mashini. Lakini 1 150 inafanana na namba ya kweli. Inafanana na depo ambayo mtu amekuwa akiichota.

Nilimuuliza kijana wa biro kama hakuona kitu kwa skrini. Akasema: "Niliona ka alama keusi kenye swali ndani ya jina. Nikafikiri ni mambo ya maandishi tu." Simlaumu. Hata mimi ningefikiri hivyo.

Jinsi tulivyorudisha mahindi

Kabla ya yote, tulinakili folda nzima kwa fimbo ya USB na kuiweka kando. Hii si desturi tu. Kuna programu ambazo zikifungwa zinaandika faili upya kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kama yetu ingekuwa hivyo, ile alama � ingeandikwa mahali pa ï katika kila mstari wa zamani, na herufi ya kwanza ingepotea milele. Bahati yetu, programu ya depo ilikuwa inaongeza mistari mipya chini tu, ya zamani haiigusi.

Hatua ya pili, kuuliza injini yenyewe ni nani na inatumia jedwali gani:

```
java -version
java -XshowSettings:properties -version
```

Amri ya kwanza ilijibu 21. Ya pili inatoa orodha ndefu, na ndani yake tulitafuta mistari miwili. `file.encoding` ilisema `UTF-8`. `native.encoding`, yaani jedwali la Windows yenyewe, ilisema `Cp1252`, ambalo ni jina lingine la `windows-1252`. Mistari hiyo miwili ikitofautiana, na programu ni ya kabla ya 2022, na faili ziko na herufi za Kifaransa zenye alama, uko na sababu ya kutoamini ripoti.

Hatua ya tatu, kuiambia Java 21 ifuate sheria ya zamani kwa programu hii tu. Watengenezaji walijua kwamba mabadiliko yangeumiza programu za zamani, wakaacha mlango. Tuliandika faili ndogo ya `stock.bat`, na sasa biro inabofya hiyo badala ya `stock.jar`:

```
cd /d C:\stock
java -Dfile.encoding=COMPAT -jar stock.jar
```

Tukaifungua, tukachapa ripoti: mahindi kilo 17 250. Papa akasimama, akacheka. Lakini haikuwa bado. Depo iko na 18 400. Sasa ilikuwa zamu ya mistari mipya kupotea, ile mifuko 23 iliyoandikwa kwa `UTF-8`. Namba 195 na 175, ukizisoma kwa jedwali la zamani, zinakuwa herufi mbili, na jina linaonekana `MaÃ¯s`. Faili moja ilikuwa na lugha mbili ndani.

Kwa hiyo hatua ya nne ilikuwa ya mkono. Tulifunga programu, tukafungua `mapato.csv` kwa Notepad, tukaona ile mistari michache ya chini yenye `MaÃ¯s`. Tulibadilisha kila moja kuwa `Maïs`, pamoja na jina la mkulima mmoja aliyekuwa na é, tukahifadhi tukichagua `ANSI`, ambalo ndilo jina Notepad inalipa jedwali la Windows. Tukachapa tena. Kilo 18 400. Sawasawa na mifuko tuliyohesabu kwa vidole.

Hiyo dawa iko na mipaka yake. `COMPAT` inafuata jedwali la mashini, basi ukihamisha folda kwa mashini yenye jedwali lingine, shida inarudi. Dawa ya kudumu ni mwandishi kuchagua jedwali mwenyewe ndani ya programu, pale inaposoma faili na vilevile pale inapoiandika. Kwa kusoma ni hivi:

```
new FileReader("mapato.csv", Charset.forName("windows-1252"))
```

Lakini kwa hiyo unahitaji maandishi ya asili ya programu, si `stock.jar` peke yake, na ya depo hakuna anayejua yako wapi. Hii pia ni somo kwa sisi tunaoandikisha vijana programu ndogo: siku ya kulipa, omba na maandishi ya asili, uyaweke mahali.

Kwa nini basi tusibaki na Java 8?

Wengi waliniuliza hivyo. Jibu langu ni kwamba inawezekana, lakini kwa akili. Injini mpya hazitoki kwa kutusumbua. Matundu ya usalama yanazibwa, na programu mpya zinadai injini mpya: DHIS2, kwa mfano, kuanzia toleo la 2.41 inataka Java 17. Ukijaribu kutembeza programu mpya juu ya injini ya zamani, inakataa na ujumbe `UnsupportedClassVersionError`. Ujumbe huo ukiutazama, utaona namba kama 61.0 na 52.0. Ya kwanza ni Java 17, ya pili ni Java 8. Maana yake ni: programu hii iliandaliwa kwa 17, wewe uko na 8.

Lakini watu wengi hawajui kwamba Java mbili zinaweza kukaa juu ya mashini moja bila kugombana. Java 8 bado inatolewa pamoja na marekebisho ya usalama, kwa mfano ile inayoitwa Temurin. Unaiweka ndani ya folda yake, na katika faili ya `.bat` ya programu ya zamani unaandika njia kamili:

```
C:\java8\bin\java.exe -jar stock.jar
```

Programu ya zamani inapata injini yake ya zamani, nyingine zote zinatumia mpya. Kwa depo tungeweza kufanya hivyo siku ya kwanza, kabla ya mistari kuchanganyika, na papa angelala usingizi wake.

Kilichonibakia kichwani ni kidogo. Mashini ikibadilishwa au Java ikiongezwa, kufunguka kwa programu si alama kwamba iko mzima. Kabla ya kuendelea na kazi, chapa tena ripoti ya mwezi uliopita, ile ambayo tayari uko nayo kwa karatasi na mtu alitia sahihi. Namba zote zikilingana mstari kwa mstari, endelea. Zikitofautiana hata kwa zao moja, simama, nakili folda, na utafute zao hilo lina nini ambacho mengine hayana.

Mkubwa alipokea ripoti mpya pamoja na picha ya mifuko. Alimpigia papa simu, wakaongea muda mfupi. Papa yuko kazini mpaka leo. Juu ya meza yake, kando ya laptopu, sasa kuna daftari la kalamu ambamo anaandika kila mfuko unaoingia. Anasema haitegemei tena mashini peke yake, na mimi sikumbishia.